Jibu lililotangulia swali: meseji zinavyopoteza saa zikivuka mpaka

Simu mbili zimelala mezani katika ofisi ya malori huko Kurasini, Dar es Salaam. Moja ni ya mwenye lori, nyingine ni ya dereva aliyerudi kutoka Lubumbashi. Zina mazungumzo yaleyale, neno kwa neno, ila hazipatani kuhusu saa.

Kwenye simu ya bosi, swali lake "Umeshavuka?" liliondoka saa kumi na dakika kumi alasiri, skrini imeandika 16:10. Jibu la dereva, "Nimeshavuka, niko Nakonde", liliingia 16:14. Hapo hakuna la ajabu.

Simu ya dereva ina habari nyingine. Jibu hilohilo limeandikwa 15:14, na limekaa juu ya swali. Ukisoma kutoka juu kwenda chini, mtu anatoa taarifa kwamba amevuka mpaka, halafu dakika 56 baadaye anaulizwa kama amevuka.

Dereva aliipiga picha skrini hiyo na kuituma ofisini ili kuthibitisha kwamba hakulala kwenye foleni ya Tunduma. Bosi alipoilinganisha na simu yake, akaamini kabisa kwamba picha imechezewa.

"Kijana, umenijibu kabla sijakuuliza?"

"Bosi, sijachezea kitu. Nilirekebisha saa tu."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kilichoharibika kimejificha katika sentensi ya mwisho ya dereva, kwenye neno "nilirekebisha".

Namba moja, mavazi mengi

Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu, ile inayoandikwa UTC. Zambia, Rwanda, Burundi na upande wa mashariki wa Kongo, Lubumbashi na Goma zikiwemo, ziko saa 2 mbele. Kinshasa iko saa 1 tu mbele, kwa sababu Kongo ni nchi moja yenye saa mbili. Kwa hiyo ukitoka Tunduma na kuingia Nakonde, mwendo wa kuvuka barabara, umerudi nyuma saa nzima.

Watu wengi hudhani simu huhifadhi saa kama tunavyoiandika sisi: tarehe fulani, saa fulani, dakika fulani. Sivyo inavyofanya. Simu janja, na seva nyingi zinazopitisha ujumbe, huhesabu sekunde zilizopita tangu saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya ulimwengu. Wakati wowote ule ni namba moja ndefu, na namba hiyo ni ileile Dar es Salaam, Lusaka, Muscat au London.

Kinachobadilika ni jinsi namba hiyo inavyovishwa. Unapofungua meseji, simu inachukua namba, inatazama imewekwa kwenye ukanda gani wa saa, inaongeza saa 3 au saa 2, kisha inakuandikia 16:10 au 15:10. Kazi hiyo inafanyika upya kila unapoitazama skrini.

Ndiyo maana msafiri aliyeiacha simu yake ijirekebishe yenyewe hushtuka anapofika Lusaka na kukuta meseji za jana zimebadilika saa. Ile aliyoipokea Dar saa tatu usiku, 21:00, sasa inasomeka 20:00. Ile iliyoingia Jumanne saa sita na dakika ishirini usiku, 00:20, sasa ni ya Jumatatu 23:20. Hakuna aliyeigusa. Namba ni ileile, imevishwa nguo za Lusaka, na akirudi nyumbani itavuliwa na kuvishwa za Dar.

> Meseji ya Jumanne huwa ya Jumatatu ukivuka mpaka, na hakuna kilichoharibika.

Hilo la saa kuhama zote kwa pamoja huwaudhi watu, lakini si hitilafu. Mpangilio unabaki sawa, nafasi kati ya meseji na meseji inabaki sawa, na ukiwasha simu nyumbani kila kitu kinarudi mahali pake. Ya dereva wetu ilikuwa tofauti. Kwake saa ya meseji moja ilihama na ya nyingine ikabaki.

Mkono wa dereva

Tunduma na Nakonde zimepakana kiasi kwamba minara ya simu haijui mpaka. Umekaa kwenye foleni upande wa Tanzania, simu inanasa mnara wa Zambia. Minara mingi, pamoja na mawimbi, huipa simu saa na ukanda wa mahali ilipo. Simu inarudi nyuma saa moja. Baada ya nusu saa mnara wa Tanzania unapata nguvu, simu inasonga mbele tena. Kengele ya kuamka inalia kwa wakati usiojulikana.

Madereva wa njia hiyo wana dawa yao: kuzima saa ya kujiweka yenyewe. Dereva wetu aliizima akiwa Tunduma, simu ikiwa kwenye ukanda wa Dar es Salaam. Alipovuka, akaona saa ya ukutani kwenye ofisi ya forodha inasema saa tisa, yake inasema saa kumi. Akafungua mipangilio, akarudisha mishale saa moja nyuma, kama ambavyo angefanya kwa saa ya mkononi.

Skrini yake sasa ilikuwa sawa na ya Nakonde. Lakini hakuiambia simu kwamba imehama. Aliiambia kwamba bado iko Dar es Salaam na kwamba Dar es Salaam ni saa tisa. Simu ikafanya hesabu yake ya uaminifu: kama Dar ni saa tisa, basi saa ya ulimwengu nayo iko nyuma kwa saa moja. Tangu dakika hiyo, kila namba iliyotoka ndani ya simu hiyo ilipungua sekunde 3,600.

Tuifuate meseji yake hatua kwa hatua. Kwa ajili ya hesabu, tuseme ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025.

Bosi anatuma swali saa 16:10 za Dar. Ujumbe mfupi wa kawaida hauendi moja kwa moja kwa mpokeaji. Unapita kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo hicho ndicho kinachougonga muhuri wa saa, kwa saa yake chenyewe. Simu ya dereva, ambayo kwa mfumo wake hutumia muhuri wa kituo kwa meseji zinazoingia, inalihifadhi swali kwa namba ya kweli.

Dereva anajibu dakika nne baadaye. Jibu linalotoka halina haja ya kusubiri muhuri wa mtu. Simu inaligonga muhuri wake yenyewe, kwa saa iliyorudishwa nyuma. Ndani ya kumbukumbu ya simu sasa kuna mistari miwili:

```
1749906600   Umeshavuka?
1749903240   Nimeshavuka, niko Nakonde
```

Simu haisomi Kiswahili, haijui kwamba swali hutangulia jibu. Inapanga namba ndogo kwanza, kubwa baadaye. Namba ya jibu ni ndogo, basi jibu linapanda juu. Kisha inavika kila namba nguo za Dar, maana ndiko inakodhani iko: 16:10 kwa swali, 15:14 kwa jibu.

Kama angeacha mishale na badala yake akabadilisha ukanda kutoka Dar es Salaam kwenda Lusaka, namba zingebaki za kweli. Swali lingesomeka 15:10, jibu 15:14, na lingekuwa chini ya swali. Saa ya skrini ingekuwa ileile aliyoitaka. Tofauti ni sehemu gani ya mipangilio kidole kiligusa.

Ilipofika zamu ya simu ya bosi, jibu lilipitia kituo cha ujumbe, likagongwa muhuri wa kituo, na likaingia 16:14. Muhuri wa uongo wa simu ya dereva haukusafiri nalo. Ndiyo maana mzozo huu ulihitaji simu mbili mezani ili uonekane. Kila mmoja peke yake angeapa kwamba yake ndiyo sahihi.

Muhuri wa baiti saba

Muhuri wa kituo ni kitu kidogo sana, baiti saba tu: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, na ya saba ni ukanda. Tarakimu za kila baiti huandikwa kinyumenyume, kawaida iliyorithiwa kutoka enzi za simu za kwanza za kidijitali. Swali la bosi lingekuja na muhuri huu:

```
52 60 41 61 01 00 21
```

Geuza kila jozi: 25, 06, 14, 16, 10, 00, 12. Mwaka 25, mwezi wa 6, tarehe 14, saa 16 na dakika 10. Ile 12 ya mwisho si saa 12, ni robo saa 12, yaani saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu. Kanda huhesabiwa kwa robo kwa sababu dunia haikukubali kugawanyika kwa saa kamili: Nepal iko saa 5 na dakika 45 mbele. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa huko. Wakati wa ukoloni Kenya ilitumia saa 2 na dakika 45 kabla ya kutulia kwenye saa 3.

Baiti hiyo ya saba ndiyo mzizi wa kosa la pili, ambalo halimhusu msafiri bali fundi aliyeweka mitambo. Kituo kikiandika saa ya hapa nyumbani, 16:10, halafu kikaacha ukanda uwe sifuri, simu inayoufuata muhuri kwa uaminifu itadhani hiyo ni saa ya ulimwengu. Itaongeza saa 3 na kukuonyesha 19:10. Unapokea saa kumi alasiri meseji iliyoandikwa saa moja usiku ambayo bado haijafika.

Kosa hilo halionekani kwenye simu isiyojali ukanda, kwa sababu inakopi 16:10 kama ilivyo. Linaweza kulala miaka bila mtu kulalamika, mpaka mteja abadilishe simu au apokee meseji kutoka mtandao wa nchi nyingine.

Nani agonge muhuri?

Hapa watengenezaji wa programu wenyewe hawakubaliani, na kila upande una sababu.

Upande wa kwanza unasema: tuamini kituo. Saa ya kituo inatunzwa na wahandisi, haiguswi na mtoto wala dereva. Zaidi ya hapo, inasema ukweli kuhusu wakati ambao ujumbe ulitumwa. Mtu aliyezima simu usiku kucha akaiwasha asubuhi anataka kujua mama alimtafuta saa nane usiku, si saa moja asubuhi alipowasha simu.

Upande wa pili unasema: tuamini simu, ilipopokea ndipo ilipopokea. Hata ikiwa saa ya simu ina kosa, kosa ni lilelile kwa meseji zinazoingia na zinazotoka, hivyo mazungumzo yanabaki kwenye mpangilio. Waandishi wa programu ya meseji ya awali ya Android walichagua njia hii, na ndani ya programu wakaacha maelezo mafupi kwamba wanatumia saa ya sasa ya simu ili kuepuka mkanganyiko pale saa ya simu na ya kituo zinapopishana. Waliihifadhi pia saa ya kituo, lakini pembeni. Kwenye kumbukumbu ya Android kila ujumbe mfupi unaoingia una sehemu mbili za saa: `date`, yaani ulipopokelewa, na `date_sent`, yaani ulipotumwa.

Bei ya njia ya pili hulipwa na aliyezima simu. Meseji tano za usiku zinaingia kwa mkupuo asubuhi, zote zimeandikwa saa moja na dakika mbili. Ukitaka kujua ipi ilitumwa lini, lazima ufungue maelezo ya kila moja.

Bei ya njia ya kwanza hulipwa na aliyekuwa akisoma mazungumzo. Meseji iliyochelewa inajipenyeza katikati ya zile ulizokwisha kusoma, na huioni. Wengi wamewahi kuambiwa "nilikuandikia" na wakaapa hawakuona kitu; ujumbe upo, umekaa mistari kumi juu, mahali ambapo jicho halirudi tena.

Binafsi naona upande wa pili una haki zaidi kwa mazungumzo ya watu, na wa kwanza una haki zaidi kwa ushahidi. Shida ni kwamba kioo cha simu ni kimoja, na mtumiaji hakuulizwa anakitumia kwa lipi.

> Kila upande una bei yake. Mmoja unaficha meseji, mwingine unaficha saa.

Hata hivyo, njia ya pili isingemwokoa dereva wetu kabisa. Tuseme alipokea meseji tatu saa 15:20, 15:35 na 15:50 akiwa Tunduma, halafu akavuka na kurudisha mishale hadi saa tisa kamili. Meseji yoyote atakayopokea katika dakika zinazofuata itagongwa 15:05 au 15:14, na itapanda juu ya zile tatu za zamani. Kwa muda wa saa nzima mazungumzo yake yatakuwa mchanganyiko, kisha yatatulia.

Akirudi kutoka Zambia hali ni nyingine. Anasogeza mishale mbele, namba zinaruka kwenda juu, na hakuna kinachovurugika. Linabaki pengo tu. Ndiyo maana dereva huyohuyo anaweza kulalamika kila anapokwenda na asilalamike anaporudi, akadhani mtandao wa ng'ambo ndio mbaya.

Juba ilipobadilisha saa

Kesi ya Tunduma ilitokana na mtu mmoja na kidole chake. Tarehe 1 Februari 2021 jambo kama hilo liliikumba nchi nzima.

Siku hiyo Sudan Kusini ilitoka saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu, ilikokuwa pamoja na Kenya na Uganda, ikarudi saa 2. Tangazo lilijulikana wiki chache tu kabla. Simu na kompyuta duniani hutegemea daftari moja la kanda za saa, linalotunzwa kwa kujitolea na kusambazwa bure, lenye majina kama `Africa/Nairobi` na `Africa/Juba`. Watunzaji walitoa toleo jipya mwishoni mwa Januari. Lakini kutoka kwenye daftari hadi kwenye simu ya mtu ni safari nyingine: mtengenezaji aliingize kwenye masasisho, mtumiaji awe na bando la kulipakua, na simu yenyewe iwe bado inahudumiwa. Simu ya zamani haipati kitu.

Simu ambayo haikupata daftari jipya iliendelea kuamini kwamba Juba iko sawa na Nairobi. Mwenyewe anaona skrini iko saa moja mbele ya kila mtu. Anafanya lile ambalo yeyote angefanya: anazima saa ya kujiweka, anarudisha mishale. Skrini inapona, namba za ndani zinaugua, kwa njia ileile ya dereva wetu.

Kwa hali hiyo kulikuwa na njia moja safi, na haikuwa dhahiri hata kidogo: kuiacha saa ijiweke yenyewe na kuchagua kwa mkono mji mwingine ulioko saa 2 mbele, kwa mfano Khartoum au Kigali. Mtu wa Juba aiambie simu yake kwamba yuko Kigali ili meseji zake zisivurugike.

Wale wa London

Ndugu zetu walioko Uingereza wana aina yao ya mkanganyiko, ambayo ni kinyume cha ile ya Tunduma. Huko saa hurudishwa nyuma kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa nane za usiku zinapofika, saa inarudi kuwa saa saba, na saa ile moja inaishi mara mbili.

Mtu akituma meseji 01:50 kabla ya saa kurudishwa, na nyingine robo saa baadaye, simu yake itaandika 01:50 juu na 01:05 chini. Inaonekana imevurugika. Kumbe mpangilio ni sahihi kabisa, namba zinapanda kama inavyotakiwa. Ni nguo ndizo zimerudiwa. Ndugu yake aliyeko Dar ataziona 03:50 na 04:05, bila kasoro.

Kwa hiyo saa zilizopinda si lazima ziwe mpangilio uliopinda, na mpangilio uliopinda hauji na saa za ajabu kila mara. Ni magonjwa mawili.

Kutambua kosa liko wapi

Fundi mzoefu huanza na tofauti yenyewe. Ikiwa saa zimepishana kwa saa kamili, moja, mbili au tatu, bila dakika za ziada, tatizo ni la ukanda au la mishale iliyosogezwa kwa mkono. Ikiwa zimepishana kwa dakika saba au kumi na moja, hapo ni saa ya simu iliyolegea tu. Imezimwa kujiweka siku nyingi na inajikokota.

Ikiwa meseji imeandikwa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa za usiku, basi muhuri haukuwepo kabisa. Namba ni sifuri, na sifuri ikivishwa nguo za Dar inakuwa 03:00 ya siku ile ya kwanza. Mtu wa New York atakayeiona sifuri hiyohiyo ataandikiwa tarehe 31 Desemba 1969, na pengine atacheka zaidi yetu.

Hatua inayofuata ni kutenganisha zinazoingia na zinazotoka. Meseji zako zote zimehama ila za wenzako ziko sawa? Saa ya simu yako ndiyo yenye kosa. Za mtandao mmoja tu zimehama? Tazama kituo cha mtandao huo. Zote zimehama kwa pamoja, mpangilio ukiwa salama? Umesafiri tu.

Kuna mtego mmoja unaowagharimu watu maneno mengi: ujumbe wa muamala wa pesa. Huo una saa mbili. Moja imeandikwa juu yake na simu, na itabadilika ukisafiri. Nyingine iko ndani ya maneno yenyewe, "tarehe fulani saa fulani", iliyoandikwa na mitambo ya huduma kwa saa za Afrika Mashariki. Hiyo ni maandishi, haivuliwi wala haivishwi. Dereva aliyeko Lusaka akitumiwa pesa saa 16:20 za Dar, skrini yake itasema 15:20 na ujumbe utasema 4:20. Zote mbili ni sahihi, na ni pesa ileile.

Tiba ya simu yenyewe haichukui dakika moja. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa `Set time automatically`. Kama minara ya mpakani inakusumbua, zima `Set time zone automatically` peke yake na uchague mji kwa mkono, usiguse mishale. Kwenye iPhone zima `Set Automatically`, chagua mji, na uiache saa itakayokuja na mji huo.

Tiba hiyo haitibu yaliyokwisha kuandikwa. Namba zilizogongwa vibaya zitabaki hivyo kwenye simu ya dereva mpaka azifute. Kurekebisha saa leo hakumrudishi mtu Nakonde.

Picha ya skrini mbele ya hakimu

Ugomvi wa Kurasini uliishia palepale ofisini. Lakini picha za skrini sasa zinafika mahakamani kila siku, kwenye kesi za madai, za ndoa na za kazi, na saa iliyoandikwa pembeni husomwa kana kwamba imechongwa kwenye jiwe.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 18, haikatai ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Inaitaka mahakama ipime uzito wake kwa kutazama jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na kama njia hizo ni za kuaminika. Kwa saa ya meseji, maana yake ni kuuliza imetoka kwa nani.

Picha ya skrini haiwezi kujibu. Inaonyesha nguo, haionyeshi namba, wala haisemi simu ilikuwa kwenye ukanda gani ilipopigwa picha. Picha mbili za ujumbe uleule, moja ya Tunduma na nyingine ya Nakonde, zitapishana saa moja na zote zikawa halali.

Simu yenyewe inajibu zaidi. Kwenye programu nyingi za meseji za Android, ukibonyeza ujumbe ulioingia na kufungua maelezo yake, utaona mstari wa `Sent` na wa `Received`. Mistari hiyo ikikaribiana kwa sekunde chache, saa ya simu na ya kituo zilikuwa zikipatana. Ikipishana kwa saa nzima, na nyingine zilizoingia siku hiyo nazo zikipishana saa nzima, umeshika kidole kilichosogeza mishale. Ikipishana kwa ujumbe mmoja tu, huo ulichelewa njiani.

Barua pepe ni shahidi mzuri kuliko zote hizi, kwa sababu kila seva inayoipitisha huongeza mstari wake bila kufuta wa mwenzake. Kama dereva angetuma taarifa ileile kwa barua pepe, ndani yake kungekuwa na kitu kama hiki:

```
Received: Sat, 14 Jun 2025 16:14:05 +0300
Date: Sat, 14 Jun 2025 15:14:00 +0300
```

Mstari wa chini uliandikwa na simu, wa juu na seva. Barua haikai njiani saa nzima na sekunde tano kwa bahati tu, na ikiwa kila barua ya siku hiyo ina pengo hilohilo, saa ya simu ndiyo iliyokuwa na kosa.

Kwa ujumbe mfupi, kumbukumbu ya aina hiyo iko kwa kampuni ya simu, na hutolewa kwa utaratibu wa kisheria, si kwa kuombwa dirishani. Anayejua atahitaji kuthibitisha saa asifute mazungumzo, asibadilishe simu, na asikimbilie "kuirekebisha" saa kabla mtu mwingine hajaona jinsi ilivyowekwa. Aandike pembeni simu ilikuwa kwenye ukanda upi, saa ya kujiweka ilikuwa imewashwa au imezimwa, na skrini ilipishana kwa dakika ngapi na saa inayoaminika. Hayo ndiyo wakili wa upande wa pili atakayoyauliza kwanza.